Egzeta inapoamua kile mwalimu anafundisha

Katika mji wa Goma, miezi miwili kabla ya mtihani, tuliketi nyuma ya darasa la mwaka wa sita wa sekondari, sehemu ya sayansi. Saa hiyo ilikuwa ya kemia. Mwalimu aliandika ubaoni swali moja na majibu matano ya kuchagua. Wanafunzi walikokotoa, wakatoa namba ya jibu, mwalimu akafuta, akaandika lingine. Katika dakika hamsini walipitia maswali kumi na manne. Mwalimu alipojaribu kueleza kwa nini jibu moja ni sahihi, kijana wa mstari wa mbele alinyoosha kidole akauliza: « Mwalimu, maelezo hayo inatokaka kwa egzeta? » Darasa lilicheka. Mwalimu naye alicheka kidogo, kisha akaendelea na swali la kumi na tano.

Kijana huyo hakuwa na utovu wa adabu. Alisema wazi sheria inayoongoza shule zetu za sekondari, ingawa haikuandikwa katika programu yoyote ya wizara. Kinachoulizwa kwenye Mtihani wa Serikali kinafundishwa. Kisichoulizwa kinangoja, na mara nyingi kinangoja mpaka mwaka unaisha.

Gazeti hili halitaki egzeta ifutwe. Mtihani huu ulianzishwa kunako mwaka 1967 ili diploma iwe na thamani moja nchini kote, na jambo hilo bado lina maana. Mtoto wa Walikale na mtoto wa Kinshasa wanajibu mtihani wa taifa ulio mmoja, na mkubwa wa shule hawezi kumgawia mtoto wa rafiki yake diploma. Tunachosema ni kwamba namna mtihani ulivyotengenezwa inapenya mpaka ndani ya darasa, miaka miwili au mitatu kabla ya siku yenyewe, na kupunguza kile watoto wanajifunza. Upungufu huo una njia zake, na anayezijua anaweza kuutambua katika shule ya mtoto wake.

Mtihani wenyewe ulivyo

Egzeta ina sehemu mbili. Kwanza inakuja orsesyo. Humo mna insha ya Kifaransa ambayo wote wanaiita disertasyo, na kwa wanafunzi wa shule za ufundi na za pedagojia mna mtihani wa vitendo mbele ya juri. Baadaye inakuja sesyo ya kawaida, siku nne, yenye maswali ya utamaduni wa jumla, ya sayansi, ya lugha na ya masomo ya opsyo. Katika siku hizo nne mwanafunzi haandiki maelezo yoyote. Anasoma itemu, yaani swali lenye majibu yaliyopangwa, anachagua namba moja na kuiweka kwenye karatasi. Majirani wawili hawapewi seri moja ya maswali, ili wasinakiliane.

Umbo hilo lina sababu nzuri. Watahiniwa ni mamia ya maelfu katika nchi isiyo na barabara za kutosha. Kusahihisha namba ni haraka, na mkono wa msahihishaji hauwezi kumpendelea mtu. Lakini umbo hilo lina bei yake. Anayesahihisha haoni njia ambayo mwanafunzi alipitia. Anaona namba tu. Kwa hiyo shule nayo inajifunza kutafuta namba tu.

Swali moja tulipime pamoja

Chukua itemu ya aina ile tuliyoiona ubaoni. « Mililita 25 za asidi kloridriki yenye mole 0,1 kwa lita zinazimwa na mililita 20 za soda kostiki. Soda hiyo ina mole ngapi kwa lita? » Majibu ya kuchagua ni 0,08, kisha 0,1, kisha 0,125, kisha 0,2 na mwisho 0,25.

Mwanafunzi aliyezoezwa anajua fomula moja: C ya asidi mara V ya asidi ni sawa na C ya bezi mara V ya bezi. Anazidisha 0,1 na 25, anapata 2,5. Anagawa kwa 20, anapata 0,125. Jibu ni la tatu. Imemchukua nusu dakika, na amepata pointi yake kwa haki.

Sasa jiulize programu ya kemia ilitaka nini kwenye sura hiyo. Ilitaka mwanafunzi aelewe kwamba chembe za asidi na chembe za bezi zinakutana na kumalizana kwa hesabu fulani. Ilitaka ajue kutambua wakati ambapo zimemalizana, kwa rangi inayobadilika. Ilitaka ashike bureti, amimine tone kwa tone, akosee, arudie. Itemu haikugusa lolote kati ya hayo. Fomula peke yake ilitosha.

Baada ya saa hiyo tulimwomba mwalimu ruhusa ya kuandika ubaoni swali lile lile, tukibadilisha neno moja tu. Badala ya asidi kloridriki tuliweka asidi sulfuriki. Namba zote zilibaki zilivyokuwa. Karibu darasa lote lilijibu 0,125 tena, na kwa haraka ile ile. Jibu sahihi ni 0,25. Chembe moja ya asidi sulfuriki inatoa haidrojeni mbili, kwa hiyo inahitaji soda mara mbili. Mililita 25 zinabeba milimole 2,5 za asidi. Hizo zinadai milimole 5 za soda, na milimole 5 ndani ya mililita 20 ni 0,25 kwa lita. Mwanafunzi aliyewahi kuelewa maana ya kumalizana angesimama kwenye neno sulfuriki. Aliyeshika fomula tu hakuona kitu cha kumsimamisha.

Wanafunzi hao si wavivu, wala mwalimu wao si mjinga. Wengi wao watapata diploma, na asilimia zao zitakuwa nzuri. Lakini asilimia hiyo itasema kwamba wanajua kemia, wakati wanachojua hasa ni maswali ya kemia yanayofanana na yale ya miaka iliyopita. Tofauti kati ya vitu hivyo viwili haionekani kwenye karatasi ya matokeo. Inaonekana mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, au siku kijana anapoajiriwa kwenye kiwanda cha sabuni.

Kupungua kunakuja kwa njia tatu

Njia ya kwanza ni saa. Orodha ya masomo iliyobandikwa ofisini kwa prefe bado ina elimu ya mwili, sanaa, muziki na kazi za mikono. Darasani, kuanzia muhula wa pili wa mwaka wa sita, saa hizo zinageuka kuwa za mazoezi ya itemu. Hakuna barua inayoamuru hivyo. Mwalimu wa hesabu anaomba saa moja kwa mwenzake, mwenzake anakubali kwa sababu anajua somo lake halimfelishi mtu, na wiki inayofuata ombi limekuwa desturi. Mzazi akitaka kulijua hilo asitazame orodha ya ofisini. Afungue daftari la mtoto na kuhesabu tarehe. Somo ambalo tarehe yake ya mwisho ni ya mwezi wa kwanza limekufa, hata kama pointi zake bado zinaandikwa kwenye buletini.

Njia ya pili haionekani kirahisi, kwa sababu somo lenyewe linabaki. Kinachopotea ni sura zake. Mwalimu mwenye uzoefu ana rundo la itemu za miaka mingi, ama amezihifadhi mwenyewe, ama amenunua vijitabu vinavyouzwa karibu na shule. Anajua sura ipi inaleta maswali mengi na ipi haileti. Ile ya kwanza inapata wiki tano, ile ya pili inapata siku moja au inaachwa. Hapa kwetu mashariki vita vinaongeza uzito wa hesabu hiyo. Shule ikifungwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya mapigano, mwalimu akarudi na muda mfupi uliobaki, ataokoa nini kwanza? Ataokoa kile kinachotoka kwenye mtihani. Hatuwezi kumlaumu. Tungekuwa mahali pake tungefanya hivyo.

Njia ya tatu ndiyo mbaya zaidi, na ndiyo tuliyoiona Goma. Somo linabaki, sura inabaki, lakini namna ya kujifunza inageuka kuwa namna ya kujibu. Mwanafunzi hasomi tena ili aeleze. Anasoma ili atambue jibu kati ya matano. Anafundishwa kuondoa kwanza yale yasiyowezekana, na kujaribu jibu moja moja ndani ya fomula mpaka moja likubali. Hizo ni akili, ndiyo. Lakini maisha hayampi mtu majibu matano ya kuchagua. Mgonjwa anayefika kituo cha afya hakuja na namba pajini.

Hata disertasyo, ambayo inamdai mwanafunzi aandike, haikuepuka. Kwa sababu ipo, walimu wa Kifaransa wanaendelea kufundisha kuandika, na hiyo ni faida ya kweli ya mtihani. Ila katika madarasa mengi mwanafunzi anakariri plani moja, sentensi za kufungua zinazofaa mada yoyote na sentensi za kufunga za namna hiyo hiyo. Katikati anapachika maneno machache ya mada ya mwaka ule. Anayetaka kujua kama ndivyo ilivyo, asome insha kumi za darasa moja. Kama aya za kwanza zinafanana, darasa lilifundishwa insha moja tu.

Nani anasukuma

Ni rahisi kusema walimu ndio wenye makosa. Lakini tazama ni nani anashika kamba. Mzazi anayetafuta shule ya sekondari anauliza asilimia ya waliofaulu mwaka jana. Shule inategemea malipo ya wazazi hao, na sehemu kubwa ya kile mwalimu anapeleka nyumbani inatoka humo. Mwaka ambao waliofaulu ni wachache, watoto wanahamishwa mwaka unaofuata, na pesa zinapungua. Prefe anajua. Mwalimu anajua. Kwa hiyo mwalimu anayechukua wiki mbili kufanya jaribio moja na wanafunzi wake anacheza na mkate wa wenzake.

« Mama mmoja alinijia hapa », mwalimu yule wa kemia alituambia baada ya saa. « Akasema: Mwalimu, mimi ninalipa ili mtoto apate diploma, si ili acheze na maji ya rangi. Ningemjibu nini? » Hatukuwa na jibu la kumpa. Mama huyo anauza viazi sokoni ili kulipia shule, na diploma ndiyo mlango pekee anaouona. Mtihani ukiwa mlango mmoja tu, kila mtu atakimbilia hapo, na kila kitu kisichopita mlangoni kitaachwa nje.

Pale mtihani unapovuta vizuri

Lakini nguvu inayopunguza inaweza pia kuongeza, na ushahidi tunao hapa nyumbani. Wanafunzi wa pedagojia wanajua kwamba katika orsesyo watapimwa kwa vitendo mbele ya juri. Ndiyo maana wanaendelea kwenda shule za msingi kwa mazoezi, na wakubwa wa shule wanawatafutia madarasa ya kuwapokea hata mwaka ukiwa mgumu. Fundi mchanga wa mekanika naye anaguswa namna hiyo: kwa kuwa juri itamdai ashike ufunguo, shule inajikaza iwe na injini, hata kuukuu. Mtihani ulipouliza mikono, shule zilifundisha mikono.

Mwanafunzi wa sayansi peke yake ndiye hatuulizi mikono yake. Kwa hiyo maombi yetu kwa wizara na kwa ukaguzi mkuu wa elimu ni haya. Orsesyo ipo tayari, juri zipo tayari, kalenda ipo tayari. Iongezwe humo jaribio moja la sayansi kwa kila mtahiniwa wa sehemu ya sayansi. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo itangazwe orodha ya majaribio kumi na mawili ambayo shule yoyote inaweza kufanya. Asubuhi ya mtihani mwanafunzi achague kwa kura moja kati ya hayo, alifanye, aandike aliyoyaona na aeleze sababu. Kwa kuwa hakuna anayejua kura itaangukia wapi, shule italazimika kufanya yote kumi na mawili. Tukitangaza jaribio moja tu, shule zitakariri hilo moja, na tutakuwa tumerudi tulikotoka.

Watu watasema hatuna laboratwari. Kweli hatuna. Lakini jaribio la kumaliza asidi kwa bezi halidai bureti ya kioo kutoka Ulaya. Sindano ya plastiki ya mililita 20, bila ncha yake, ina alama za kupimia na inadondosha tone kwa tone. Maua mekundu ya hibiskusi yanayopandwa kwenye nyua zetu, yakichemshwa, yanatoa maji ya rangi ambayo ni mekundu ndani ya asidi na yanaelekea kijani ndani ya bezi. Ndimu ni asidi. Majivu yaliyolowekwa na kuchujwa vizuri yanatoa maji ya bezi. Mpe mwanafunzi glasi ya maji ya ndimu na glasi ya siki, kwa kipimo kimoja, umwombe aonyeshe ipi ina asidi zaidi. Atadondosha maji ya majivu katika ya kwanza mpaka rangi igeuke, atasoma mililita, kisha atarudia katika ya pili. Ile iliyokula maji mengi ya majivu ndiyo yenye asidi zaidi. Mwanafunzi aliyefanya hivyo mara tatu hatasahau tena maana ya kumalizana, na neno sulfuriki litamsimamisha.

Tusijidanganye hata hivyo

Kuna vizuizi viwili, na ni vizuri kuvitaja. Cha kwanza ni juri. Kila mahali mtu anapotoa pointi kwa macho yake, bahasha inaweza kupita. Kura inasaidia, lakini haitoshi. Mwanafunzi aandike karatasi ya kile alichoona, karatasi hiyo ihifadhiwe, na baadhi yake zisahihishwe tena na wakaguzi wa mkoa mwingine. Juri ambayo pointi zake zinapishana sana na za wakaguzi ijibu kwa nini. Na pointi za jaribio zianze zikiwa kidogo, ili anayetaka kununua asione faida kubwa.

Kizuizi cha pili ni mwalimu mwenyewe. Nchini Sri Lanka waliwahi kubadilisha mtihani wa taifa wa Kiingereza ili walimu wafundishe lugha inayotumika kweli. Watafiti Dianne Wall na Charles Alderson walikaa madarasani kutazama, na kunako mwaka 1993 walitoa matokeo yao. Mtihani ulibadilisha kile walimu walifundisha. Haukubadilisha namna walivyofundisha. Walimu walichukua mada mpya na kuzifundisha kwa desturi ya zamani, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha vizuri namna nyingine. Kama tutaleta jaribio la sayansi bila kuwakusanya walimu wa kemia wa kila wilaya, wiki moja tu wakati wa likizo, wakifanya majaribio yote kumi na mawili kwa mikono yao, basi tutapata kijitabu kipya sokoni: « Majaribio kumi na mawili na majibu yake ». Wanafunzi watakariri rangi bila kuona ua.

Wakati tunangoja wizara, kuna jambo ambalo prefe yeyote anaweza kuanza Jumatatu. Kila mwisho wa mwezi, katika kila somo la opsyo, aombe swali moja lenye neno moja lililobadilishwa, kama tulivyofanya na asidi. Lisiwe na majibu ya kuchagua, na mwanafunzi aandike njia yake. Halihitaji pesa, na halichukui zaidi ya dakika kumi. Kama darasa linafaulu itemu za zamani na kuanguka kwenye swali hilo, prefe amejua ukweli ambao asilimia ya egzeta haitamwambia kamwe.

Na wazazi, ambao tunawaheshimu kwa jasho lao, tunawaomba jambo moja. Mnapouliza shule ni watoto wangapi walipata diploma, ongezeni swali la pili: mtoto wangu amefanya majaribio mangapi mwaka huu, na kwa mikono ya nani? Siku wazazi wengi watakapouliza hivyo kwenye mkutano wa kamati, yule mwalimu wa Goma atakuwa na la kumjibu kijana wa mstari wa mbele.